Kutoka picha ya ngazi ukutani hadi pembetatu mraba: mwongozo kamili

Ukipewa picha ya ngazi iliyoegemezwa ukutani na kutakiwa kutafuta pembe yake, macho hukimbilia kuona pembetatu papo hapo: ukuta ni upande mmoja, sakafu ni upande wa pili, na ngazi ndiyo haipotenusi, yaani ule upande mrefu unaokabili pembe mraba. Kwenye kitabu cha hesabu njia hiyo haina shida, kwa sababu mchoraji alishahakikisha ukuta umesimama wima, ardhi iko sawa na mtazamaji yuko ubavuni kabisa mwa ngazi. Picha ya simu haikuhakikishii hata moja kati ya hayo matatu.

Ndiyo maana kwenye picha tutatafuta nukta mbili tu. Ya kwanza ni pale mguu wa ngazi unapokanyaga ardhi, tuiite A. Ya pili ni pale ngazi inapogusa ukuta, tuiite C. Nukta ya tatu, ile yenye pembe mraba, tutaiweka wenyewe: iko wima chini ya C na usawa mmoja na A. Tuiite D. Mara nyingi D itaangukia karibu sana na kona halisi ya ukuta na sakafu, lakini haina lazima ya kuwa pale, na ukilazimisha iwe pale ndipo majibu yanapoanza kupotoka.

Kabla ya kupiga picha

Kazi kubwa iko hapa. Picha ikipigwa vizuri, hesabu inayofuata ni ya dakika chache. Ikipigwa vibaya, hakuna kanuni itakayoirudishia kila kilichopotea.

Simama ubavuni mwa ngazi, ukitazama sambamba na ukuta, si ukiutazama ukuta usoni. Pembetatu unayoitaka iko kwenye bapa moja lililosimama wima, linalopita kwenye mguu wa ngazi na mahali inapogusa ukuta. Kamera inatakiwa ilitazame bapa hilo moja kwa moja. Namna nzuri ya kujua umefika mahali pake ni kuangalia ngazi yenyewe. Ngazi ina nguzo mbili za ubavuni na vipandio katikati. Ukiwa umesimama sawasawa, nguzo ya karibu inaifunika ya mbali, au inakaribia kabisa kuifunika, na vipandio havionekani kama fito bali kama ncha tu. Ukianza kuona nafasi pana kati ya nguzo mbili na vipandio vimenyooka kama mistari, umeshasogea upande mmoja. Rudi taratibu mpaka nafasi hiyo ijifunge.

Nguzo ya mbali haitafichika asilimia mia. Kwa kuwa iko mbali zaidi na lenzi, itaonekana fupi kidogo na itachungulia hapa na pale, hasa juu na chini. Hilo ni la kawaida. Vipimo vyote utavichukua kwenye nguzo ya karibu pekee.

Umbali nao una maana. Ukisimama karibu, itakubidi uinue simu juu ili ngazi iingie yote, na simu ikiinama kuelekea nyuma mistari ya wima hukaribiana kadiri inavyopanda: ukuta unaonekana kama unalala. Rudi nyuma, kisha vuta picha karibu. Kwa ngazi ya mita 4, kusimama mita 8 au 9 ukiwa umevuta mara 2 kunatosha kabisa. Shika simu ikiwa imesimama wima, isiinamie mbele wala nyuma, na kama unaweza iwe kwenye kimo cha katikati ya ngazi. Washa mistari ya gridi kwenye kamera na uulinganishe mmoja wa wima na kona ya ukuta. Usiache A wala C ifike ukingoni mwa picha, kwa sababu lenzi pana za simu hupinda mistari kwenye kingo kuliko katikati.

Vitu viwili viingie kwenye picha pamoja na ngazi. Kimoja ni timazi: uzi wenye kitu kizito ukining'inia bila kugusa chochote. Huo ndio utakaokuambia wima halisi uko wapi, hata kama ukuta wenyewe umeinama. Cha pili ni fito ya urefu unaoujua, mita 1 ni nzuri, isimame wima kwenye bapa lile lile la nguzo ya karibu.

Sharti hilo la bapa lile lile lisipuuzwe. Tuseme ngazi ina upana wa sentimita 40, nawe uko mita 8.5 kutoka kwenye nguzo ya karibu. Fito ukiiweka kwenye nguzo ya mbali, itaonekana fupi kwa karibu asilimia 5. Vipimo vyote utakavyopata kwa kutumia fito hiyo vitavimba kwa kiasi hicho hicho, na kimo cha mita 3.82 kitasomeka kama mita 4. Pembe haitaguswa, kwa kuwa pembe inatokana na uwiano wa pande mbili na kosa la kipimo linaziongeza zote kwa kiwango kimoja. Kwa hiyo kama unachotaka ni pembe tu, fito si lazima. Ukitaka mita, ni lazima, tena iwe mahali pake.

Kuziweka nukta

Fungua picha kwenye programu yoyote inayoonyesha mahali kielekezi kilipo kwa pikseli. GIMP, kwa mfano, huonyesha namba mbili chini ya dirisha: ya kwanza ni umbali kutoka ukingo wa kushoto, ya pili ni umbali kutoka ukingo wa juu. Zingatia hiyo ya pili: inaongezeka ukienda chini, kinyume cha grafu za darasani. Nukta iliyo chini kwenye picha ina namba kubwa. Asiye na kompyuta anaweza kuchapisha picha kwenye karatasi na kupima kwa rula, milimita zikachukua nafasi ya pikseli. Hesabu ni ile ile.

Kuza picha mpaka uone ukingo wa nguzo vizuri. Nguzo ina unene, labda sentimita 7 ukiitazama kutoka ubavuni, kwa hiyo ina kingo mbili: unaoelekea ukuta na unaokuelekea wewe ukiwa unapanda. Chagua ule unaoelekea ukuta na uufuate kutoka chini hadi juu. Ukichukua ukingo wa mbele kule chini na wa nyuma kule juu, umeongeza sentimita kadhaa kwenye kitako bila kujua, na kwa ngazi tunayokwenda kuipima hilo peke yake linahamisha pembe kwa karibu nyuzi 1.

Nukta ya juu ni pale ngazi inapogusa ukuta, si ncha ya ngazi. Ngazi iliyoegemea ukingo wa paa mara nyingi hupita juu ya ukingo huo kwa vipandio kadhaa, na kipande kinachoning'inia juu hakimo kwenye pembetatu. Vivyo hivyo, kama ngazi imeegemea bomba au mwamba uliojitokeza nje ya ukuta, C iko kwenye bomba hilo, na D itakuwa wima chini ya bomba, mbele ya ukuta. Hapa mtu aliyeng'ang'ania kona ya ukuta atapata kitako kirefu kuliko kilivyo.

Hesabu yenyewe

Tuchukue picha iliyosimama, yenye pikseli 3000 kwa 4000. Nukta zimesomwa hivi:

```
A (mguu wa ngazi)      = (1990, 3426)
C (inapogusa ukuta)    = (1146,  752)
B (kona ya ukuta)      = (1150, 3420)
Fito ya mita 1         = pikseli 700
```

B nimeiweka kwa ajili ya kuhakiki tu. Kwanza tazama timazi kwenye picha. Kama ncha ya juu na ya chini ya uzi zina namba ya kwanza inayolingana, simu haikuinama upande, na unaweza kuitengeneza D bila kuhangaika: namba ya kwanza inatoka C, ya pili inatoka A. Hivyo D ni (1146, 3426). Iko pikseli 4 kushoto mwa B na pikseli 6 chini yake, kwa maneno mengine chini ya sentimita 1 kwa kila upande. Hapa kona halisi na kona yetu zimekaribiana sana, ishara kwamba ukuta na sakafu ni vya kuaminika.

Pande mbili za pembe mraba sasa zinapatikana kwa kutoa tu:

```
kitako AD = 1990 - 1146 = 844
kimo   DC = 3426 -  752 = 2674
```

Pembe ambayo ngazi inafanya na ardhi iko kwenye A. Upande unaoikabili ni kimo, ulio karibu nayo ni kitako, kwa hiyo tunatumia tanjenti:

```
tan A = 2674 / 844 = 3.168
A     = tan⁻¹(3.168) = 72.5°
```

Kalkuleta ikikupa 1.27 badala ya 72.5, imewekwa kwenye radiani. Ibadilishe iwe `DEG` na urudie.

Ukitaka mita, gawa kila upande kwa 700. Kitako ni mita 1.21 na kimo ni mita 3.82. Haipotenusi tunaipata kwa kanuni ya Pithagorasi, na ni vizuri kuitafuta kwenye pikseli kwanza ili makosa ya kukadiria yasijirundike:

```
AC = √(844² + 2674²) = √7862612 ≈ 2804
2804 / 700 ≈ 4.01 m
```

Mpaka hapa hatujui kama jibu ni sahihi, tunajua tu kwamba namba zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe. Uhakiki wa kweli unatoka nje ya picha. Chukua tepu, pima kwenye ngazi halisi kutoka mguuni hadi pale inapogusa ukuta. Tuseme tepu imesoma mita 3.98. Picha ilisema 4.01. Tofauti ni sentimita 3 kwenye mita 4, chini ya asilimia 1, nami ningeipokea picha hiyo bila wasiwasi. Tofauti ingekuwa sentimita 20, nisingeanza kurekebisha hesabu. Ningerudi kutazama fito iliwekwa wapi.

Kuna uhakiki mwingine usiohitaji tepu, na hapa ndipo B inapofanya kazi. Kona halisi ikiwa na pembe mraba kwenye picha, kanuni ya Pithagorasi lazima itimie kwenye A, B na C pia. Umbali wa AB ni pikseli 840 na wa BC ni 2668. Ukijumlisha miraba yake na kutafuta kipeuo cha pili unapata 2797, wakati AC ni 2804. Pikseli 7 ni sentimita 1 tu. Kama pengo lingekuwa kubwa, maelezo yangekuwa moja kati ya mawili: ardhi au ukuta haukunyooka, au kamera ilikuwa imekaa vibaya. Timazi litakuambia ni lipi. Uzi ukiwa wima kwenye picha huku kona ikikataa, basi kona yenyewe ndiyo isiyo mraba.

Sasa jibu lina matumizi. Kanuni inayotumika sana kuweka ngazi ni ya moja kwa nne: mguu ukae mbali na ukuta kwa robo ya urefu wa ngazi mpaka inapogusa. Hiyo ni nyuzi 75.5. Wengine hupima robo kwa kimo badala ya urefu wa ngazi na kupata nyuzi 76. Tofauti haifiki nusu ya nyuzi. Ngazi yetu ina nyuzi 72.5, imelala kuliko inavyotakiwa, na ngazi iliyolala zaidi huwa na hatari ya mguu kuteleza nje. Kwa urefu wa mita 4 kitako kinatakiwa kiwe mita 1. Kwa kuwa sasa ni mita 1.21, mguu usogezwe ndani sentimita 21. Ngazi itapanda ukutani pia: kimo kipya ni √(16 − 1), yaani mita 3.87, sentimita 5 juu ya pale ilipokuwa. Hilo liangaliwe kabla ya kusogeza, kwa sababu huenda sentimita 5 hizo zikaifikisha ngazi kwenye kioo cha dirisha au kwenye mfereji wa paa usioweza kuibeba.

Picha iliyopigwa kwa upande

Mara nyingi picha unayopewa ilishapigwa, na mpigaji hakuwa na habari ya bapa wala timazi. Alisimama mahali palipomfaa. Ni muhimu kujua picha kama hiyo inadanganya kuelekea upande gani, na jibu ni la kutia hofu kidogo: inaifanya ngazi ionekane wima kuliko ilivyo.

Sababu ni hii. Ukizunguka kutoka ubavuni kuelekea usoni mwa ukuta, vitu vya wima havibadiliki urefu kwenye picha, lakini kitako, ambacho kinatoka ukutani kuja nje, kinaanza kukuelekea wewe na kuonekana kifupi. Ukiwa mbali vya kutosha, kinafupika kwa kosaini ya pembe uliyozunguka. Chukua ngazi yenye kitako cha mita 1.20 na kimo cha mita 3.82. Mpiga picha aliyezunguka nyuzi 30 ataona kitako cha mita 1.04, na hesabu itatoa nyuzi 74.8, karibu kabisa na kanuni ya moja kwa nne. Aliyezunguka nyuzi 45 ataona kitako cha mita 0.85 na kupata nyuzi 77.5. Ngazi ni ile ile, nyuzi zake 72.5 hazijabadilika, ila picha ya nyuzi 30 imeisafisha na ya nyuzi 45 imeisimamisha kupita kiasi. Aliyesimama usoni kabisa ataona ngazi iliyonyooka wima, na hakuna hesabu ya pembe itakayotoka kwenye picha yake.

Ishara ya picha kama hiyo tumeshaitaja: nguzo mbili zimeachana na vipandio vinaonekana kwa urefu wake. Ukiona hivyo, usiutumie upana wa picha hata kidogo. Kimo bado kinaweza kuaminika, mradi simu haikuinama nyuma na kuna kitu cha wima cha urefu unaojulikana kilicho ukutani, karibu na chini ya C. Kisha tafuta urefu wa ngazi kwa njia nyingine: hesabu vipandio kutoka chini mpaka pale inapogusa, pima nafasi ya kipandio kimoja hadi kingine kwenye ngazi halisi, uzidishe, na uongeze kile kipande cha chini kabla ya kipandio cha kwanza. Sasa una haipotenusi na kimo. Pembe inatoka kwenye saini:

```
sin A = 3.82 / 4.00 = 0.955
A     = 72.7°
```

Kitako nacho ni √(4.00² − 3.82²), takribani mita 1.19. Njia hii inakuokoa, lakini ina udhaifu wake. Haipotenusi na kimo cha ngazi iliyosimama sana ni namba zinazokaribiana, na unapotoa miraba ya namba zinazokaribiana, kosa dogo linakuwa kubwa. Ukisoma kimo kama mita 3.84 badala ya 3.82, sentimita 2 tu, kitako kinashuka kutoka mita 1.19 hadi 1.12 na pembe inapanda nyuzi 1. Kwa hiyo iite makadirio, na kabla mtu hajapanda, kitako kipimwe kwa tepu.

Ardhi inayoteremka

Hapa ndipo D inapojitenga na kona kabisa. Tuseme ardhi inateremka kutoka ukutani, na mguu wa ngazi uko sentimita 20 chini ya usawa wa kona. Kwenye picha yetu hizo ni pikseli 140, kwa hiyo A inakuwa (1990, 3560) na kona B inabaki (1150, 3420). Pembetatu ya A, B na C haina pembe mraba tena. Ukiilazimishia tanjenti kwa kuchukua umbali wa kona hadi C kama kimo na mstari wa ardhi kama kitako, unapata 2668 kwa 852, nyuzi 72.3.

Weka D mahali pake, (1146, 3560). Kitako ni 844 na kimo ni 2808. Pembe ni nyuzi 73.3. Tofauti ya nyuzi 1 si kubwa hapa, lakini mteremko ukizidi nayo inazidi, na kuiepuka hakukugharimu chochote zaidi ya kuchukua namba mbili kutoka mahali sahihi. D iko chini ya ardhi, au hewani ikiwa mteremko unaelekea ukutani. Isikusumbue. Pembetatu mraba ni kifaa cha kupimia, na upande wake hauna haja ya kuwa kitu kinachoshikika.

Ila kumbuka kwamba pembe hii ni ya ngazi na usawa, si ya ngazi na ardhi yenyewe. Inaeleza jinsi ngazi ilivyolala. Haisemi kama mguu utashika kwenye udongo unaoteremka.

Rampu: pembetatu ile ile, hatari tofauti

Rampu nayo inatoa pembetatu mraba: uso wake ni haipotenusi, kupanda kwake ni kimo, na urefu wake chini kwa usawa ni kitako. Nukta ya chini ni pale uso unapoanza kupanda, na ya juu ni pale unapoishia kabla ya sehemu ya tambarare. Sehemu hiyo tambarare ukiijumlisha, rampu itaonekana ya upole kuliko ilivyo. Nukta ya chini inahitaji subira, maana zege au ubao mara nyingi hupunguzwa unene polepole hadi kuungana na ardhi. Weka kitu kidogo chenye rangi pale mwanzo unapouhisi kwa mguu, kisha ndipo upige picha.

Kilichobadilika ni ukubwa wa pembe. Kipimo kinachotumika sana kwa rampu za viti vya magurudumu ni kimo 1 kwa kitako 12, na hiyo ni nyuzi 4.8 tu. Kwenye ngazi ya nyuzi 72, simu iliyoinama upande kwa nusu ya nyuzi haikuudhi. Kwenye rampu, nusu ya nyuzi ni zaidi ya sehemu ya kumi ya jibu lote.

Angalia picha ya ulalo ambapo rampu inapanda kuelekea kulia. Nukta ya chini ni (480, 1790), ya juu ni (3560, 1512). Kitako ni 3080, kimo ni 278, na uwiano ni 1 kwa 11. Pembe ni nyuzi 5.16. Kwa kipimo cha 1 kwa 12 rampu hii ni kali mno, na mtu anaweza kuagiza ibomolewe.

Kabla ya hapo, soma timazi. Ncha yake ya juu iko (3600, 700), ya chini iko (3607, 1500). Uzi haujanyooka kwenye picha: katika kushuka pikseli 800 umeenda pikseli 7 kulia. Hiyo ni tan⁻¹(7/800), nusu ya nyuzi. Uzi ukielekea kulia kadiri unavyoshuka, picha imeinua upande wa kulia, na rampu inayopanda kulia imeongezewa nusu hiyo bila haki. Tunaitoa:

```
5.16° - 0.50° = 4.66°
tan 4.66° = 0.0815, yaani 1 kwa 12.3
```

Rampu imefaulu. Uzi ungeenda kushoto, tungejumlisha, na jibu lingekuwa nyuzi 5.66, karibu 1 kwa 10. Kwa picha ya rampu, basi, timazi ni sehemu ya kipimo chenyewe. Kukiwa na upepo unaoliyumbisha, tumia usawa badala ya wima: mpira wa maji unaopitisha mwanga, ukiwa umefungwa kwenye fito mbili, unakupa viwango viwili vya maji vilivyo usawa mmoja, na mstari unaoviunganisha kwenye picha ndio mstari wako wa kulinganishia.

Jambo la mwisho kwa rampu ni lile la kutoa namba zinazokaribiana, ambalo hapa linafika mahali pa kuharibu kila kitu. Rampu yenye kitako cha mita 5.40 na kimo cha sentimita 45 ina uso wa mita 5.42. Uso na kitako vinatofautiana kwa sentimita 2 tu. Ukipima hivyo viwili na kutafuta kimo kwa Pithagorasi, 5.42 na 5.40 vinakupa sentimita 47. Kitako ukikisoma 5.39, kosa la sentimita 1 kwenye zaidi ya mita 5, unapata sentimita 57. Kwa rampu pima kimo moja kwa moja, kwa tepu, kutoka kwenye usawa wa nukta ya chini hadi ukingo wa juu. Kitako au uso, wowote ule utakaoupima pamoja nacho, utakupa pembe ile ile kwa vitendo: 45 kwa 540 na 45 kwa 542 zinatofautiana kwa kiasi ambacho hakuna simu itakayokionyesha.